Video Haina Kosa, Monita Ndiyo Inayopumua

Anayeediti video za harusi anaijua ile sehemu. Taa za ukumbi zinazimwa, mlango unafunguliwa, bi harusi anaingia na taa moja tu inamfuata. Kwenye skrini picha inaanza kuzama gizani taratibu, ingawa kwenye klipu hakuna kilichobadilika. Kisha kamera inageukia meza kuu iliyojaa vitambaa vyeupe. Picha imekwisha kubadilika, lakini mwanga wa skrini bado unapanda nyuma yake kwa sekunde moja au mbili, mpaka nyeupe inafika pale ilipotakiwa kuwa tangu mwanzo.

Kijana ninayefanya naye kazi kwenye studio yetu hapa Area C, Dodoma, alikuwa na jibu tayari. "Kaka, kamera iliachwa kwenye oto. Ona inavyohangaika." Alikuwa ameshaanza kukatakata klipu na kuinua mwangaza kidogo kidogo ili kufidia. Dhana yake haikuwa ya kijinga, maana kamera ikiachwa ijipangie yenyewe hupanda na kushuka hivyohivyo. Ila kuna dalili inayotenganisha mambo haya mawili: kamera ikihangaika, ukisimamisha video katikati ya mpando, picha inabaki pale ilipo. Tulisimamisha. Picha ikaendelea kung'aa yenyewe, fremu ikiwa imesimama tuli. Fremu iliyosimama haina namna ya kujibadilisha, kwa hiyo kilichokuwa kinahama ni mwanga wa monita.

Ndiyo maana jambo hili nalipa uzito kuliko usumbufu wa macho. Ukirekebisha video kwa kufuata monita inayopumua, marekebisho yako yanaingia kwenye faili. Mteja akiifungua kwenye TV ya sebuleni kwake, mawimbi yote uliyoyaweka kufidia monita yako anayaona yeye, na monita yako haipo pale kuyameza.

Kwanza tuelewe kinachotokea nyuma ya kioo. Monita ya LCD ina vitu viwili vinavyofanya kazi pamoja: taa za LED zinazowaka nyuma, na pikseli mbele yake zinazozuia au kuruhusu mwanga kupita. Pikseli haziwezi kuzuia mwanga wote. Paneli ya IPS ya kawaida ina kontrasti ya karibu 1000:1, maana yake ni kwamba nyeusi yake inavujisha mwanga sehemu moja ya elfu ya nyeupe yake. Taa zikiwekwa mpaka nyeupe iwe na mwangaza wa niti 250, nyeusi itakuwa niti 0.25, na chumba kikiwa giza utaiona kama kijivu kilichokolea.

Watengenezaji wakatafuta njia ya mkato. Saketi ya monita inapima kila fremu ina weusi kiasi gani. Fremu ikiwa ya giza inapunguza taa zote za nyuma, tuseme mpaka sehemu moja ya kumi. Nyeusi inashuka mpaka niti 0.025 na macho yanafurahi. Lakini nyeupe nayo imeshuka kutoka 250 mpaka 25, kwa sababu taa ni zilezile kwa skrini nzima. Ndani ya fremu hiyo uwiano bado ni 1000:1, hakuna kilichoongezeka. Ila anayetaka namba kubwa anachukua nyeupe ya fremu angavu na nyeusi ya fremu ya giza, anagawanya, anapata 10,000:1. Saketi ikizima taa kabisa kwenye fremu nyeusi tupu, namba inakuwa yoyote aitakayo. Zile milioni ishirini kwa moja unazoziona zimeandikwa kwenye boksi dukani zinapatikana kwa mtindo huo. Mimi namba ile siitazami kabisa ninaponunua. Ninayoitafuta ni kontrasti isiyobadilika, ambayo mara nyingi huandikwa kwa herufi ndogo.

Sasa, taa zikibadilika ghafla kila picha inapokatwa, skrini ingemetameta isivumilike. Kwa hiyo saketi huzibadilisha polepole, na ule upole ndio unaouona kama kupumua. Maandishi ya mwisho wa filamu ni mfano mzuri: herufi nyeupe kwenye weusi huanza kuwaka vizuri, halafu baada ya muda kidogo zinafifia bila sababu. Hata maandishi ya tafsiri chini ya filamu yanaweza kuzichezesha taa kwenye tukio la usiku, kwa sababu kila mstari unapotokea unaongeza weupe kidogo kwenye fremu.

Mipangilio ya kuokoa umeme ni ndugu wa karibu, ila lengo lake ni tofauti na ziko za aina mbili. Aina ya kwanza inashusha taa mara moja na kuziacha hapohapo. Hiyo haipumui na haina ubaya zaidi ya skrini kufifia. Ya pili inapunguza taa kwa kufuata picha, halafu inainua pikseli ili ionekane kama hakuna kilichoguswa. Hii ya pili ni ya ujanja zaidi, kwa sababu rangi za katikati zinabaki karibu na mahali pake na hustuki haraka. Pa kuigundua ni kwenye weupe: mikunjo ya shela inapotea na kuwa bapa jeupe, kwa sababu pikseli zilizokwisha kufika juu hazina pa kupandia. Ukiona shela imepoteza nyuzi zake kwenye skrini moja na inazo kwenye nyingine, anza kuishuku hiyo.

Kabla ya kugusa menyu yoyote ni vizuri kuwa na kipimo, la sivyo utabaki kubishana na macho yako. Tulitengeneza video fupi: katikati kuna kiraka cha kijivu kisichobadilika, na pembeni skrini nzima inakuwa nyeusi kwa sekunde 10, kisha nyeupe kwa sekunde 10. Kiraka ni chini ya asilimia 2 ya eneo lote, kwa hiyo hakiwezi kuidanganya saketi. Mwenye programu ya ffmpeg anaitengeneza kwa amri moja:

```
ffmpeg -f lavfi -i color=c=black:s=1920x1080:r=25:d=80 -vf "drawbox=x=0:y=0:w=iw:h=ih:color=white:t=fill:enable='gte(mod(t,20),10)',drawbox=x=860:y=440:w=200:h=200:color=gray:t=fill" -pix_fmt yuv420p jaribio.mp4
```

Ichezeshe ikiwa imejaza skrini nzima. Usiamini unachokiona mara ya kwanza, maana jicho la binadamu lina udhaifu wake: kijivu kilichozungukwa na weupe huonekana cheusi zaidi kuliko kijivu hichohicho kwenye weusi, hata kama monita ni nzima kabisa. Chukua manila nyeusi, kata tundu dogo kuliko kiraka, ishike mbele ya skrini ili uone kiraka peke yake. Monita isiyopumua itakupa kijivu kilekile pande zote nyingine zinapobadilika. Yetu ilipanda na kushuka waziwazi.

Ukitaka ushahidi wa kumwonyesha mtu, piga picha kwa simu, lakini kwa ile hali ya kupanga mwenyewe, siyo oto. Simu ikiwa oto itafidia tofauti unayoitafuta. Sisi tuliweka ISO 100 na kasi ya 1/50, simu juu ya stendi, manila ikiwa mahali pake. Picha moja mwishoni mwa weusi, nyingine mwishoni mwa weupe, maana taa zinahitaji sekunde kadhaa kutulia. Picha ya kwanza ilikuwa na kijivu kilichofifia sana ukilinganisha na ya pili. Kijana akaacha kuilaumu kamera.

Hatua inayofuata ni kujua nani anashika swichi, monita au kompyuta. Watu wengi huiruka, kisha wanashinda kwenye mipangilio ya Windows wakati tatizo liko kwenye kioo. Video ya jaribio ikiendelea, fungua menyu ya monita yenyewe kwa vile vitufe vya chini. Menyu ile haitoki kwenye kompyuta, inachorwa na monita. Ikiwa menyu nayo inafifia na kung'aa pamoja na picha, basi taa za nyuma ndizo zinazochezeshwa. Ikiwa menyu imetulia na picha tu ndiyo inayobadilika, kuna kitu kinachochezea picha kabla haijafika kwenye kioo. Kama bado una shaka, hamisha waya wa HDMI kwenye kompyuta nyingine. Tatizo likibaki kwenye monita, umepata mwenye kosa.

Kwetu menyu ilifuata picha. Na ndani ya menyu kulikuwa na dalili nyingine ambayo ni rahisi kuipita: mstari wa Brightness ulikuwa umefifia na haukubali kubonyezwa. Monita nyingi hufunga Brightness pale saketi inapokuwa imejitwalia kazi ya kupanga taa. Ukikuta imefungwa, usihangaike nayo, tafuta kilichoifunga.

Jina la kinachofunga hutegemea aliyeitengeneza monita. Samsung na HP huandika Dynamic Contrast, na kwenye baadhi ya Samsung hukaa ndani ya MagicBright kama hali mojawapo ya kuchagua. Kwenye ASUS ni ASCR, kwenye Acer ni ACM, AOC huandika DCR, Philips ni SmartContrast, na LG za zamani zina DFC. Dell na BenQ nyingi haziionyeshi kabisa mpaka uwe kwenye hali kama Movie au Game, kwa hiyo unaweza kupekua menyu yote ukiwa kwenye Standard ukadhani haipo. Kwa upande wa umeme, LG wana Smart Energy Saving, Samsung wana Eco Saving. AOC wana Eco Mode, ila hiyo kwa kiasi kikubwa ni majina ya viwango vya mwangaza tu.

Kilichotusumbua kwenye monita yetu ni kwamba kila hali ya picha huhifadhi mpangilio wake. Ilikuwa kwenye Movie. Tulizima Dynamic Contrast hapo, jaribio likatulia. Kisha kijana akabonyeza kitufe cha njia ya mkato cha pembeni, monita ikahamia Game, na kupumua kukarudi kama kawaida kwa sababu kule bado ilikuwa imewashwa. Basi tukapita kila hali moja baada ya nyingine tukizima, halafu tukarudi tukakaa Standard. Tulipita pia kwenye ingizo la pili la HDMI, maana kuna monita zinazohifadhi mipangilio kwa kila ingizo. Mwisho tukaweka ile ya kuokoa umeme Off, na monita ikatuuliza kama tunakubali itumie umeme zaidi. Tukakubali. Ulaya umeme wa monita kwa ajili ya lebo ya nishati hupimwa ikiwa kwenye mpangilio wa kawaida wa kiwandani, kwa hiyo si ajabu monita mpya kutoka kwenye boksi kuokoa umeme ilivyo. Na ukifanya Reset yote yanarudi, jambo la kumwambia kila mtu anayegusa vitufe hivyo.

Baadhi ya monita zina kihisi cha mwanga wa chumba, kitundu kidogo kwenye fremu ya chini. Hicho hakifuati picha bali dirisha, na kwa jua letu la Dodoma wingu moja likipita skrini inaweza kuyumba. Kukigundua ni rahisi: kifunike kwa kidole. Skrini ikififia, kitafute kwenye menyu ukizime.

Laptopu ni habari nyingine. Kioo cha laptopu hakina menyu yake, na mwenye swichi ni Windows au dereva wa kadi ya picha. Dalili kubwa ni chaja. Ikiwa skrini imetulia ukiwa kwenye umeme na inaanza kupumua ukichomoa, umeshajua unatafuta kitu cha kuokoa betri. Kwenye Windows 11 nenda Settings, System, Display, kisha fungua mshale wa Brightness. Hapo kuna Change brightness based on content. Iweke Off, usiiache kwenye On Battery Only, maana kwenye betri ndipo utakapokuwa ukimwonyesha mteja kazi ukumbini. Laptopu yenye kihisi cha mwanga itakuwa pia na Change brightness automatically when lighting changes.

Hiyo ikishindikana, shuka kwa dereva. Nyingi zenye picha za Intel zina programu ya Intel Graphics Command Center. Kwenye System, Power, upande wa betri, kuna Display Power Savings. Yenye AMD ina Vari-Bright ndani ya AMD Software, sehemu ya Display. Hizi zote hugusa kioo cha laptopu chenyewe. Kama umeunganisha monita ya nje na monita hiyo ndiyo inayopumua, usipoteze jioni yako huko.

Kuna kisa kimoja ambacho dereva anaweza kuhusika hata kwenye monita ya nje: kupumua kunapotokea kwenye kichezeshi cha video tu, huku picha zilezile zikitulia ukizifungua kama picha mnato. Hapo angalia sehemu ya video kwenye NVIDIA au AMD, kuna uboreshaji wa kontrasti unaobadilika unaoguswa na video peke yake. Hapa ndipo menyu ya monita itabaki imetulia wakati picha inacheza.

Na HDR. Ukiiwasha kwenye monita ya bei ya kawaida, mara nyingi Brightness inafungwa tena na taa zote zinaanza kufuata picha, hata kama ulishazima kila kitu upande wa kawaida. Monita ya kiwango cha chini kabisa cha HDR, ile inayoandikwa DisplayHDR 400, hailazimiki kuwa na taa zinazopungua sehemu kwa sehemu, hivyo nyingi huishia kupunguza zote kwa pamoja. Kwa kazi za harusi zitakazochezwa kwenye TV ya kawaida sioni sababu ya kuiwasha. Win + Alt + B inaizima na kuiwasha papo hapo, kwa hiyo ni vizuri kurudia jaribio mara mbili, ikiwa imezimwa na ikiwa imewashwa, ujue monita yako ikoje.

Baada ya haya yote kijana aliangalia tukio la bi harusi tena, akakunja uso. "Sasa kaka nyeusi imekuwa kijivu. Ilikuwa nzuri zaidi mwanzo." Ni kweli, na hakuna njia ya kulizunguka hilo: ile ndiyo nyeusi halisi ya paneli yetu. Tulichoweza kufanya ni kuacha kuwasha taa kuliko tunavyohitaji. Brightness ilikuwa 80. Tukafunga pazia, tukafungua ukurasa mweupe kwenye skrini, tukashika karatasi nyeupe pembeni yake, tukashusha mpaka weupe wa skrini ukafanana na wa karatasi. Ikaishia karibu na 35. Nyeupe iliposhuka, nyeusi nayo ikashuka kwa uwiano uleule, safari hii ikibaki pale ilipo. Kisha tukaweka taa ndogo nyeupe nyuma ya monita inayomulika ukutani, na kijivu kikaacha kusumbua, kwa sababu jicho lililo kwenye mwanga kidogo halioni ule uvujaji kama linavyouona gizani. Contrast hatukuigusa, tuliiacha pale kiwanda kilipoiweka.

Hapo pia ndipo hesabu ya LUKU inapojibiwa, maana mwenye studio mwenzangu aliniuliza kama kuzima eko hakutamfilisi. Monita ya inchi 24 hutumia kama wati 20. Tuseme eko ilikuwa inaokoa wati 8, na monita inawaka saa 10 kwa siku: hizo ni wati-saa 80, kwa mwezi uniti mbili na nusu hivi. Na sehemu kubwa ya umeme wa monita inaenda kwenye taa za nyuma, kwa hiyo kushusha Brightness kutoka 80 mpaka 35 kwa mkono kunarudisha akiba hiyo, pengine na zaidi, bila kitu chochote kupumua.

Zinazobaki ni TV zinazotumika kama monita, na hizo ziko nyingi studio za hapa mjini kwa sababu inchi 32 inapatikana kwa bei ya monita ndogo. Kwenye Samsung na LG jaribu kwanza kulibadilisha jina ingizo la HDMI liwe PC. Kwenye modeli nyingi hatua hiyo huzima uchakataji mwingi wa picha. Kisha zima kila kilichoandikwa Dynamic au Power Saving au Eco kwenye menyu ya picha. Kuna TV za bei nafuu ambazo hazikupi swichi hiyo kabisa, taa zinafuata picha hata kila kitu kikiwa Off. Zirudishie jaribio la kijivu na manila baada ya kumaliza menyu yote, na kama kiraka bado kinacheza, usiediti rangi juu yake. Itumie kuonyeshea wateja, au iuze kwa mtu wa mpira.